Swali, jibu, na ufunguo usiotoka ndani ya kadi

"Kama siri ya kadi SIM haipitaki hewani, juu ya nini watu wa Goma wanaibiwaka namba zao na feza za kwenye telefone?"

Juu mwizi wa namba hana haja ya ile siri. Anafika kwa gishe, ao anapatana na mutu wa ndani, anasema kadi yake imepotea, wanamupa kadi mupya. Ile kadi mupya iko na ufunguo wake mwenyewe, tofauti na wako. Kisha kompyuta ya kampuni inaandika kwamba tangu leo ile namba inakaa kwenye kadi mupya. Basi, imeisha. Ufunguo wako uko palepale ndani ya kadi yako, hakuna mutu aliyeugusa, ila hakuna tena namba inayouegemea. Alama yake ni hii: jirani mwenye kampuni moja na wewe iko na rezo, weye telefone yako haina kitu, unaizima unaiwasha, bado. Ukiona vile usingoje asubuhi, kimbia kwa gishe na kitambulisho.

Na ile kode ya feza unayoandikaka kwenye telefone kama unatuma kwa kabine, hiyo ni siri ingine kabisa. Hiyo inatoka kwenye telefone, inapita hewani, juu kompyuta ya feza inapashwa kuiona ili iikubali. Kode ya kufungulia kadi nayo ni ingine. Watu wanachanganya zote tatu, wanaona feza imekwenda, wanasema "SIM imevunjwa". Mi naona hapo kadi inasingiziwa, na ninataka kuitetea kidogo, lakini bila kuficha mahali inapokosa, juu mahali hapo pako.

Tuchukue kitu tunachokiona kila siku. Mutu anavuka baria ndogo, anaingia Gisenyi na kadi ya Congo. Kisha dakika chache telefone inashika antene ya ng'ambo. Ile kampuni ya ng'ambo haimujui, haijawahi kumuuzia kitu, na bado inapashwa kuwa hakika kama hii ni kadi ya kweli, si mutu anayejifanya, juu mwisho wa mwezi itaomba kampuni ya huku ilipe. Itajuaje?

Kwa 2G inakwenda hivi. Kadi inajitambulisha na namba yake ya ndani, ile wanaita IMSI, ambayo si namba yako ya kupigiwa. Rezo ya ng'ambo inaangalia mwanzo wa ile namba, inaona 630, njo Congo, kisha tarakimu za kampuni, inatuma ujumbe kwa kampuni ya nyumbani: nipe vya kumupimia huyu. Nyumbani kuko kompyuta moja yenye kulindwa sana, inaitwa AuC, na ndani yake kuko kopi ya ufunguo wa ile kadi. Ufunguo unaitwa Ki, ni biti 128. Ile kompyuta inachagua namba ya bahati nasibu, RAND, nayo biti 128, na inapiga hesabu mbili:

```
SRES = A3(Ki, RAND)
Kc   = A8(Ki, RAND)
```

Halafu inatuma ng'ambo vitu vitatu tu: RAND njo swali, SRES njo jibu linalongojewa, na Kc njo ufunguo wa muda wa kuficha maongezi. Baiti 16, baiti 4, baiti 8. Jumla 28. Mara nyingi wanatuma seti kadhaa pamoja, mpaka tano, ili wasirudie kuuliza kila saa. Ki yenyewe haimo.

Sasa rezo ya ng'ambo inatupa RAND hewani, wazi, kila mutu mwenye chombo anaweza kuisikia. Telefone inaipokea na kuisukuma ndani ya kadi kama ilivyo. Ukiunganisha kadi ya 2G na kisomeo cha kadi kwenye kompyuta unaweza kuifanya hiyo kazi wewe mwenyewe, na kama kadi inaomba kode ya kuifungulia uitoe kwanza:

```
A0 A4 00 00 02 7F 20
A0 88 00 00 10  + baiti 16 za RAND
A0 C0 00 00 0C
```

Mstari wa kwanza ni "ingia kwenye sehemu ya GSM ya kadi", wa pili ni "chukua hili swali upige hesabu", wa tatu ni "nipe matokeo", na kadi inarudisha baiti 12: nne za SRES, nane za Kc. Sasa tafuta ndani ya hizo komando ile ya kusoma Ki. Hautaipata, juu haiko. Telefone yenyewe haijui ufunguo wa kadi iliyomo ndani yake! Kadi ni kompyuta ndogo, inapiga hesabu ndani, inatoa jibu tu. Telefone inatuma zile baiti nne hewani, rezo ya ng'ambo inalinganisha na zile ilizopewa, zikifanana mutu anaingia. Kc haitumwi hewani, kila upande unayo tayari.

Kwangu hapa njo penye utamu wote, na watu wanapapita mbio. Ile kampuni ya ng'ambo imemuhakiki mutu bila kujua siri yake, na kesho yake bado haiijui. Ni kama mwalimu wa shule ingine anayeletewa swali na jibu lake ndani ya bahasha: anaweza kusimamia na kusahihisha, ila kesho hawezi kuukaa huo mtihani mwenyewe, juu swali litakuwa lingine. Kama tungetumia mutindo wa neno la siri, ule wa kwenye mtandao, kampuni ya ng'ambo ingelisikia neno lako, na mfanyakazi wake mumoja mwenye tamaa angeweza kuishi kama weye miaka mingi. Hapa anaweza kukusikiliza wakati uko kwake, na hiyo angeiweza kwa vyovyote, juu maongezi yanapita kwenye mashini yake. Na yule anayesikiliza hewani anapata swali lisilotarajiwa kurudi na jibu la biti 32. Kubahatisha jibu la swali lingine ni nafasi moja juu ya 4,294,967,296. Si kila siri ya mtandao inafika hapo.

Basi upande mwingine nao uongee, juu wanaosema SIM inavunjika hawajatunga.

Kutopita hewani hakusaidii kama hesabu yenyewe inavujisha. Mwezi wa nne 1998 Marc Briceno, Ian Goldberg na David Wagner walionyesha hivyo juu ya COMP128, hesabu ambayo kampuni nyingi zilikuwa zinaitumia kwa A3 na A8. Walikuwa na kadi mkononi, wakaiuliza maswali kama 150,000, kazi ya saa karibu nane, wakatoka na Ki nzima. Namna walivyofanya inaeleweka. Ndani ya COMP128 kuko mahali pembamba ambapo baiti mbili za Ki zinachanganywa na baiti mbili za RAND peke yake, na matokeo ya pale ni biti 28 tu. Unabadilisha zile baiti mbili za swali, zingine unaziacha, na unangoja maswali mawili tofauti yatoe jibu moja. Kwa biti 28 mgongano unatokea kisha maswali kama 16,000. Ukiupata, unajaribu uwezekano 65,536 wa zile baiti mbili za ufunguo kwenye kompyuta yako mpaka unaona zinazoleta ule mgongano. Ki ni baiti 16, kwa hiyo unarudia mara nane, na mara nane 16,000 inakukaribisha kwenye ile 150,000. Ufunguo haukutoka hata mara moja, wameutoa kwenye majibu. Njo maana baadhi ya watengenezaji waliweka kikomo cha kuhesabu maswali, kadi ikiulizwa kupita kiasi inakufa, na njo maana hesabu mupya kama MILENAGE ziliwekwa wazi ili wataalamu wazipige kwanza kabla ya kuziamini. Ile ya zamani ilikuwa imefichwa, na kufichwa hakukuisaidia kitu.

Pili, Ki inakaa mahali pawili, kwenye kadi na nyumbani, kwa hiyo kuna siku imesafiri kutoka kiwandani mpaka kwa kampuni. Mwaka 2015 zilitoka habari kwamba wapelelezi wa Uingereza na Marekani waliwinda funguo kwenye ile safari, kwa mtengenezaji mukubwa wa kadi, Gemalto. Gemalto ilikubali kwamba pengine iliingiliwa 2010 na 2011, ikakana kwamba funguo nyingi ziliibiwa. Ata ukiamini upande wowote, udhaifu ni wa safari ya faili, hewani hakuna kilichoonekana.

Ya tatu njo inanisumbua zaidi, na hapa siwezi kuitetea 2G. Rezo inauliza, kadi inajibu, lakini kadi haiulizaki rezo kitu. Mutu akiweka antene ya uongo yenye nguvu, telefone inamufuata, anaomba IMSI anapewa, anatupa RAND yoyote, anapokea jibu asilohitaji, anasema "sawa, tuongee bila kuficha", na kiwango cha 2G kinamuruhusu. Tangu 3G kadi inapokea swali pamoja na kitu kingine, AUTN, chenye muhuri wa hesabu uliotokana na uleule ufunguo na namba ya mfululizo. Kadi inapima muhuri kwanza. Ukikosea, inakataa kujibu. Muhuri ukiwa wa kweli lakini namba ni ya zamani, inajibu kwamba mfululizo haufanani na nyumbani wanaurekebisha.

Ile namba ya mfululizo inaonekana ndogo lakini rudi Gisenyi uione. Kwa 2G, rezo ya ng'ambo ikimaliza zile seti tano na laini ya kwenda nyumbani imekatika, kanuni zinaikubalia kutumia tena seti ya zamani: swali lilelile, jibu lilelile, na Kc ileile. Aliyewahi kupata Kc ya jana kwa njia yoyote anaweza kuirudisha kazini leo. Kwa 3G kadi ingeona namba iliyokwisha kupita na kukataa. Sasa telefone ya vidole ya bei kidogo, ile ya 2G peke yake, haina huo uchaguzi, na hata telefone kubwa inashuka 2G yenyewe kama 3G na 4G zimezibwa ao hazifiki kijijini. Tangu Android 12 baadhi ya telefone ziko na sehemu ya kuzima 2G kwenye mipangilio ya rezo. Anayekaa mjini kati azime. Anayepanda Masisi aiache, juu huko akiizima anaweza kubakia bila rezo kabisa.