Baba Yetu kwa mtu mzima: usilipite haraka ombi la tano

Mtu mzima anayejiandaa kubatizwa mara nyingi hufika darasani akiwa anaijua Baba Yetu. Ameisikia misibani na kwenye harusi za majirani, huenda hata shuleni. Kwa hiyo sisi makatekista huipita mbio: tukishahakikisha ameikariri, tunahamia Amri Kumi. Kwa maoni yangu hapo tunamnyima haki yake. Sala hii ina maombi saba, na katika la tano mwombaji anajifunga kwa ahadi. Si vizuri mtu mzima aahidi asichokijua. Kanisa lenyewe halina haraka hiyo: kwa utaratibu wa ubatizo wa watu wazima, wakatekumeni hukabidhiwa sala hii katika juma la tano la Kwaresima, baada ya kukabidhiwa Kanuni ya Imani.

“Baba yetu uliye mbinguni” bado si ombi, ni kumwita tunayemwomba. Anayesema “yetu” amekubali kwamba ana ndugu, na ndugu hao watamrudia baadaye pamoja na makosa yao. Wapo wanafunzi ambao neno “baba” linawaumiza, kwa sababu ya baba waliyekuwa naye au waliyemkosa. Hao huwa naanza nao katika Luka 15, kwa yule baba aliyemwona mwanawe akiwa bado mbali, akamkimbilia.

“Jina lako litukuzwe.” Hapa swali huja haraka: kwani jina la Mungu si takatifu tayari? Ni takatifu. Jibu liko katika Ezekieli 36. Waisraeli uhamishoni wamelitia unajisi jina la Mungu mbele ya mataifa, naye anasema atalitakasa mwenyewe: atawakusanya, atawanyunyizia maji safi, atawapa moyo mpya. Kwa hiyo tunamwomba Mungu alitukuze jina lake kwa kutubadilisha sisi tunaoitwa watu wake. Somo hilo limo katika masomo ya mkesha wa Pasaka, usiku ambao mkatekumeni mwenyewe anaingia majini.

“Ufalme wako ufike” ni kuomba kile alichokihubiri Yesu tangu mwanzo, kwamba ufalme umekaribia, kifike kwa ukamilifu wake. Sitakaa hapo, kwa sababu ombi linalofuata ndilo linaloeleweka vibaya zaidi. “Utakalo lifanyike duniani kama mbinguni.” Wengi wetu tumelijua kupitia misiba: mtoto amefariki kwa kukosa matibabu, nasi tunasema Mungu ndivyo alivyopenda. Lakini kama kila linalotokea lingekuwa ndilo alitakalo, tusingekuwa na haja ya kuomba lifanyike. Tunaomba kwa sababu duniani mengi yanafanyika kinyume chake. Yesu alilirudia ombi hili Gethsemane, katika Mathayo 26:42, baada ya kusema waziwazi kwamba angependa kikombe kile kimwepuke. Kwa hiyo anayeliomba anaruhusiwa kulia na kusema anachokitaka, kabla ya kujikabidhi.

“Utupe leo mkate wetu wa kila siku.” Tumetoka kwenye mambo ya Mungu, sasa tunaomba ya kwetu, na la kwanza ni chakula. Msomaji wa Kutoka 16 anaijua sheria ya mana: kila mtu aliokota ya siku ile kadiri ya watu wa nyumba yake, na iliyowekwa hadi asubuhi iliota mabuu. Siku ya sita tu ndipo waliokota mara mbili, kwa ajili ya Sabato. Ombi hili halimkatazi mkulima kuweka akiba ghalani. Linamfundisha kuomba kinachotosha, na kukiombea kwa wingi: “utupe”, si “unipe”. Mwenye sufuria iliyojaa anayeisali sala hii amemwombea pia jirani ambaye hajapika. Tangu kale Kanisa limeuona humo pia mkate wa Ekaristi, ambao mkatekumeni bado anausubiri.

Sasa la tano. “Utusamehe makosa yetu, kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea.” Ni ombi pekee ambalo ndani yake tunataja tendo letu wenyewe, na ni pekee ambalo Yesu, katika Mathayo 6, alilirudia mara tu baada ya sala: msipowasamehe watu, wala Baba yenu hatawasamehe ninyi.

Mfano wake uko katika Mathayo 18. Mtumwa anadaiwa na mfalme talanta elfu kumi, anasamehewa zote, anatoka nje na kumkaba mwenzake anayemdai dinari mia. Tuzipige hesabu. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, na talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000. Deni la kwanza basi ni ujira wa siku milioni 60, na la pili ni wa siku 100. Angalieni kwamba siku 100 si jambo dogo. Ni zaidi ya miezi mitatu ya jasho. Yesu hasemi kwamba tuliyotendewa hayana uzito. Anayapima kando ya tuliyosamehewa.

Mama mmoja mjane katika darasa langu alikuwa akinyamaza kila tukifika hapo. Shemeji yake alikuwa amelichukua shamba la marehemu mumewe, na kesi ilikuwa kwenye baraza la ardhi. “Mwalimu,” aliniambia, “nikisema nimemsamehe, si ndiyo nimempa shamba?” Nilimjibu hapana, na ningemjibu hivyo hata leo. Msamaha haufuti ukweli wa kilichotokea, haumlazimishi kuondoa kesi, wala haumrudishi mtu kwenye nyumba anakopigwa. Hauna hata sharti la kusahau; Katekisimu ya Kanisa Katoliki inakiri kwamba kutohisi tena kosa na kulisahau haviko katika uwezo wetu. Anachokiachia ni kisasi: kumtakia shemeji mabaya, kutamani watoto wake waumie. Kipimo nilichompa ni hiki: je, unaweza kumwombea mema kwa jina lake, huku ukiendelea kudai haki yako? Akasema bado. Nikamwambia basi amwombe Mungu huo uwezo, na kwamba kunyamaza kwake kulikuwa na heshima kuliko kukariri kwetu. Nasisitiza hili kwa sababu nimesikia ombi hili likitumiwa kuwanyamazisha wanawake walioonewa, na kulitumia hivyo ni kulipotosha.

“Na usitutie katika kishawishi.” Yakobo 1:13 inasema wazi kwamba Mungu hamjaribu mtu. Tunaomba asituache tuingie katika jaribu litakalotuangusha. Waitalia, katika Misale yao mpya, sasa husali “usituache katika kishawishi”, na nadhani tafsiri hiyo humsaidia mwanafunzi. Anayefuata ombi la tano kwa moyo atajua mara moja kwa nini la sita liko hapo: kishawishi cha kulipiza kisasi hakichelewi.

“Lakini utuopoe maovuni.” Hapa tunaombea pia uovu usiotokana na sisi: vita, dhuluma, na yule Mwovu mwenyewe.

Wanafunzi waliokulia kwa Walutheri au Waanglikana huongeza “kwa kuwa ufalme ni wako, na nguvu, na utukufu”. Wasikemewe. Maneno yanayokaribiana sana na hayo yamo katika Didake, maandishi ya Wakristo wa mwanzo, ambayo yanaagiza sala hii isaliwe mara tatu kwa siku. Katika Misa tunayatamka pia, baada ya padre kuliendeleza ombi la saba.