Ankara si risiti: kujumlisha hasara katika dai la unyanyasaji kazini

Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira ya Kenya, ya mwaka 2007, kinakataza unyanyasaji wa kingono kazini. Anayeshtaki huomba fidia ya maumivu na kudhalilishwa, na kiasi chake hukadiriwa na jaji. Pesa zilizotoka mfukoni ni habari nyingine. Hizo huitwa hasara maalum, na mahakama za Kenya zimeshikilia kwa miaka mingi kwamba lazima zitajwe kwa kiasi kwenye hati ya madai, kisha zithibitishwe. Ukiandika "matibabu na usafiri, takriban 100,000", umejinyima mwenyewe. Mimi naona heri 31,950 zenye karatasi.

Tuchukue mfano wa kubuni wa mfanyakazi wa hoteli Mombasa, mshahara 36,000 kwa mwezi. Msimamizi wake alimsumbua ndani ya gari la kazini, akaacha kulipanda. Baadaye daktari akampumzisha siku 24.

Kwa matibabu, alimlipa daktari 2,000 na dawa 1,350. Vikao vya ushauri nasaha vilikuwa sita, kila kimoja 3,500, lakini bima ililipa vinne. Aandike viwili tu, 7,000, jumla 10,350. Akiandika vyote sita, wakili wa mwajiri atatoa taarifa ya bima, na baada ya hapo kila tarakimu nyingine itatiliwa shaka. Kosa linalojirudia ni kuambatisha ankara. Ankara inasema unadaiwa, risiti inasema umelipa, na mahakama hutaka ya pili. Tena risiti peke yake haisemi kwa nini ulikwenda hospitali. Barua ya daktari itaje tatizo, tarehe lilipoanza na uhusiano wake na yaliyotokea kazini. Dawa ya malaria ya wiki hiyohiyo isiingie.

Mshahara uliopotea ndio unaokosewa zaidi, kwa sababu watu huzidisha siku zote 24 kwa mshahara wa siku. Kifungu cha 30 kinampa aliyetimiza miezi miwili mfululizo kazini angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara katika kila miezi 12, mradi awe na cheti cha daktari. Kwa hiyo siku 7 za kwanza hakupoteza kitu. Hoteli yake hugawa mshahara kwa 30, yaani 1,200 kwa siku. Siku 7 za nusu mshahara zimemgharimu 4,200, na siku 10 zisizolipwa 12,000. Jumla 16,200. Ila kabla ya kukubali hesabu hii, aitazame hati yake ya mshahara ya mwezi huo: kama mwajiri alikata pungufu, kilichopotea ni kile kilichokatwa. Kama alikuwa akipata ovataimu, aweke hati za miezi mitatu ya kabla ili pengo lionekane.

Usafiri ndio unaoniudhi. Makondakta wengi hawatoi risiti, lakini mahakamani nauli isiyo na karatasi hukataliwa kwa urahisi. Njia iliyopo ni kulipa kwa M-Pesa kila inapowezekana, na kuandika safari siku ileile. Taarifa ya M-Pesa huombwa kwa `*334#` na hutumwa kwa barua pepe. Ukiichapisha, ambatisha cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, maana bila hicho pingamizi huwa jepesi. Safari saba za kliniki, 200 kwenda na kurudi, ni 1,400. Siku 20 alizopanda matatu badala ya gari la kazini ambalo lilikuwa bure ni 4,000. Hiyo ya pili watu huisahau, ingawa imetokana moja kwa moja na unyanyasaji. Jumla ya usafiri ni 5,400. Nauli ya kwenda mahakamani isichanganywe humu, huombwa pamoja na gharama za kesi.

Ukijumlisha 10,350, 16,200 na 5,400 unapata 31,950. Jedwali lenyewe liwe na tarehe, aliyelipwa, sababu, kiasi, na namba ya ukurasa wa kielelezo. Mstari usio na namba ya ukurasa uufute au utafute karatasi yake kabla ya kuwasilisha.

Kesi inaweza kuchukua muda na gharama zikaendelea. Ukipata risiti mpya, wakili aombe kurekebisha hati ya madai kabla ya hukumu, kwani kiasi kisichotajwa humo hakitolewi hata risiti ikiwa mezani. Na kama mshauri anasema vikao vinne zaidi vinahitajika, hiyo 14,000 iandikwe mstari wake, kama matibabu ya baadaye, ikiwa na barua yake inayotaja idadi na bei.