Mihuri ya Uturuki Yataka Kuniua

Mpwa wangu Twalha kapata nafasi ya chuo Uturuki. Kijana kapata chuo, na sisi ukoo mzima tumepata kazi ya kutafuta mihuri. Dada yangu kanikabidhi bahasha yote, ati "wewe ndiwe mjomba, wewe ndiwe unayejua watu." Watu ninaowajua mimi ni wa Kongowea, wanauza viazi.

Barua ya chuo ilikuwa fupi na tamu: leteni cheti cha KCSE na cheti cha kuzaliwa, vyote viwe na apostili, yaani alama ya serikali ya kuthibitisha sahihi ya cheti. Haya. Nikauliza apostili yapatikana wapi, kila mtu akanipa jibu lake kwa uhakika wa ajabu. Mmoja kasema posta. Mwingine kasema kwa kadhi.

Aliyeninusuru ni jirani yetu, karani wa mawakili tangu nyumba hizi hazijapigwa rangi. Akanieleza kwamba mwaka 1961 nchi kadhaa zilikubaliana kule Hague kuondoleana usumbufu. Serikali moja yagonga kibandiko kimoja cha mraba, ndiyo hiyo apostili, kila upande usipungue sentimita 9, chenye mistari 10 iliyopigwa nambari: cheti cha nchi gani, nani katia sahihi, kwa cheo gani, muhuri ni wa nani, na kadhalika. Kikishagongwa hicho, nchi nyengine zilizomo kwenye mkataba zakipokea bila kupitia ubalozi wowote. Nikasema alhamdulillahi, jambo lenyewe si ndilo hilo! Kitagongwa wapi?

"Hakigongwi," akasema. "Kenya haimo."

Wallahi nilikaa chini. Uturuki imo. Saudia iliingia 2022. Burundi imo, Rwanda imeingia 2024. Sisi wenye bandari, wenye reli, wenye uwanja wa ndege wa kimataifa pale Moi, hatumo! Tunazipakulia hizo nchi makontena yao, halafu kibandiko cha sentimita 9 ndicho kinatushinda.

Habari ikaenea, na pale Mwembe Tayari akazuka kijana mmoja nadhifu, viatu vyang'aa, ati yeye atupatia apostili kwa siku mbili. Akanionyesha mfano kwenye simu. Kizuri! Juu kabisa kimeandikwa *Apostille (Convention de La Haye du 5 octobre 1961)*, Kifaransa safi, maana hivyo ndivyo kichwa chake kinavyotakiwa kiwe. Nikashuka kwenye mstari wa kwanza, ule wa nchi inayotoa. Kimeandikwa Kenya. Nikamwambia kijana wangu, nchi isiyokuwamo itatoaje? Tena kila apostili ina nambari na tarehe, na nchi iliyoitoa yaweka daftari, kwa hiyo chuo kikitilia shaka chauliza tu kama nambari hiyo ipo. Akasema ana simu ya kupokea. Mpaka leo yuaipokea.

Na nyinyi mliokuwa mkimpa dada shauri Twalha apande gari hadi Kigali agongewe huko, niacheni. Nchi hugonga apostili kwa karatasi zilizotolewa na maofisa wake wenyewe. Mnyarwanda hana habari na sahihi ya Baraza la Mitihani la Kenya.

Hapo karani akanifunza dua ya wanyonge. Kwanza tukaandikia chuo: nchi yetu haimo kwenye mkataba, je mwapokea vyeti vilivyothibitishwa na ubalozi wenu? Wakajibu ndiyo. Fomu yao, kumbe, imeandikwa mara moja kwa dunia nzima.

Njia ya ubalozi ni ndefu, na sharti uifuate kwa zamu. Cheti cha KCSE chaanza kwa Baraza la Mitihani, wao waseme hiki ni chetu. Kisha chaenda Wizara ya Mambo ya Nje, Nairobi, nao watie muhuri kwamba sahihi ya ofisa wa kabla yao waijua. Kisha ubalozi wa Uturuki, Nairobi hukohuko, utie wake kwamba sahihi ya wizara waijua. Ni mambo ya posa hasa: bwana harusi hajulikani, lakini yuajulikana na mjomba, mjomba ajulikana na shekhe, na shekhe ndiye anayejulikana na wenye binti. Ukimruka mmoja hapo katikati, hapana harusi. Ubalozi hautazami cheti cha Twalha hata kidogo. Watazama sahihi ya wizara tu.

Sasa nifungue bahasha ya dada. Cheti cha kuzaliwa kimepigwa laminesheni! Plastiki nene, pembe zimeviringwa, chateleza kama… basi, chateleza. Dada asema alikihifadhi kisiliwe na mende. Dada yangu, mende hawakukila, lakini muhuri nao haukishiki: wino wafutika kwa kidole gumba, na muhuri wa kukandamiza hauachi alama. Na ukijaribu kuibandua plastiki, maandishi yaondoka nayo. Bahati ni kwamba cheti cha kuzaliwa ni nakala tu ya kilichoandikwa kwenye daftari la usajili, kwa hiyo waomba nakala nyengine na wapewa. Cheti cha KCSE kilisalimika, na sababu yake ni aibu: shule ilikuwa imekizuia kwa deni la karo, dada hakupata nafasi ya kukipeleka kwenye plastiki. Mara ya kwanza katika ukoo wetu deni kuleta faida.

Nakala mpya ikaja, karani akaviweka vyeti viwili kando kwa kando, akavua miwani. KCSE imeandikwa Twalha Mohamed Abdalla. Cha kuzaliwa, Twalha Muhammad Abdallah. Mtu mmoja, mama mmoja, majina mawili! Nikasema si kitu, mihuri itasahihisha. Karani akacheka mpaka akakohoa. Mihuri yote ile, akasema, yathibitisha sahihi ni ya kweli na aliyesaini ana cheo hicho. Yaliyoandikwa ndani hayaihusu. Unaweza ukapita ofisi zote, ukatoka na mihuri kama bendera ya kanisa la Akorino, na chuo kikakuuliza Mohamed ndiye nani na Muhammad ndiye nani.

Dawa yake ni kiapo mbele ya wakili, kwamba hao wote ni mtu mmoja. Vizuri, ila kiapo nacho ni karatasi ya kupelekwa ng'ambo. Wakili aliyekitia sahihi, sharti awe notari, wakili mwenye idhini ya kuthibitisha hati, naye athibitishwe na Msajili wa Mahakama Kuu, na msajili athibitishwe na wizara, na wizara ithibitishwe na ubalozi. Kwa hiyo herufi mbili alizoongeza mtu wa usajili mwaka ule zimezaa safari ya pili pembeni mwa safari ya kwanza.

Twalha, kijana wa haraka, akataka tufasiri vyeti kwa Kituruki mapema, "tuokoe wakati, mjomba." Nikamkataza kabla hajalipa. Ukifasiri kwanza, mihuri itakayogongwa baadaye haimo kwenye tafsiri, na Mturuki akipindua nyuma ya karatasi akakuta mihuri ya Kiingereza isiyofasiriwa, atakurudisha. Gonga yote, ndipo ufasiri, na mfasiri afasiri mpaka mihuri.

Jana jioni kaja tena, anataka nauli ya treni ya Nairobi, daraja la kwanza, ati vyeti visikunjike. Nimempa ya basi la usiku, na faili ngumu ya plastiki. Dada akaitazama ile plastiki, akatabasamu. Nikamwambia hii ni faili, dada, yafunguka. Usiisogelee.