Kiwanja kiko Mtwapa, mwenyewe uko Birmingham: soma Gazeti la Serikali

Huku Uingereza ukiwa na nyumba unajiandikisha Property Alert ya HM Land Registry, ni bure, unaweka mpaka nyumba 10, mtu akigusa rejista unaletewa imeili. Kiwanja changu cha Mtwapa mimi nakilinda kwa Gazeti la Serikali, lile la kila Ijumaa, na naona sisi wa majuu tunalidharau bure wakati liko kwenye tovuti ya Kenya Law na hulipi hata senti.

Mchezo wenyewe mnaujua, mtu anakwenda kwa msajili anadai hati imepotea apewe nyingine. Sasa sheria ya usajili wa ardhi ya 2012, kifungu cha 33, inataka tangazo litoke Gazetini kwanza, zipite siku 60. Ukiliona mapema unapeleka pingamizi kwa msajili, cheo chake na mji wake viko chini ya tangazo lenyewe. Usipoliona, hati mpya inatoka na wewe uko huku unabeba maboksi.

Kutafuta kwa jina peke yake ni kazi bure, Mohamed mmoja anaandikwa namna nne. Tafuta namba ya kiwanja, lakini ujue nayo ina sura nyingi: kwenye karatasi zako pengine ni MN/III/ halafu namba, Gazetini inakuja "Section III/Mainland North", kwa hivyo mimi naona iliyo salama zaidi ni namba ya usajili wa hati, ile ya C.R., haina maneno mengi. Google unaandika hivi, ukiweka namba yako:

```
site:kenyalaw.org "Mainland North" "C.R. 12345"
```

Jaribu pia `"CR 12345"` bila nukta. Toleo la wiki hii Google huenda haijalifikia bado, fungua PDF yenyewe ubonyeze Ctrl+F. Na kabla hujafurahi kwamba hakuna kitu, tafuta neno unaloliona kwa macho hapo kwenye ukurasa, mfano `GAZETTE`, likikosekana basi hiyo ni picha tu ya karatasi, itabidi usome mwenyewe mpaka mwisho.

Kwa hukumu za mahakama hapo nyumbani ndio tumewapita kabisa. BAILII, tovuti ya hukumu za huku, imewafungia Google, lazima uingie ndani utafute kwa fomu yao. Kenya Law unachuja kwa mahakama, chagua Environment and Land Court, kisha mwaka, kisha weka `"section 26" "Land Registration Act"` na alama za kunukuu zisikosekane, la sivyo utaletewa kila hukumu yenye neno land. Kifungu hicho ndicho kinachosema hati inaweza kupingwa ikiwa imepatikana kwa ulaghai. Anza na `[2023] KESC 30 (KLR)`, kesi ya Dina Management na kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Juu ilisema kama ardhi ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo, hata aliyeinunua baadaye hati haimsaidii. Mnaotaka kununua kiwanja cha ufuoni isomeni kabla ya kutuma hela.