Ukibonyeza Earn, Umekopesha

Kampuni ya kripto ikitangaza riba nono, mimi huuliza kwanza: nani anailipa? Celsius ya Marekani iliwaahidi walioweka sarafu zao katika akaunti yake iitwayo Earn hadi asilimia 17 kwa mwaka kwa baadhi ya sarafu, tena ikijinadi kuwa salama kuliko benki. Ahadi hiyo ilinitia shaka kuliko kunivutia.

Sarafu za wateja zilichanganywa, kisha zikatumwa kazini. Nyingine zilikopeshwa kampuni zinazofanya biashara ya kripto, na baadhi ya mikopo hiyo haikuwa na dhamana ya kutosha. Etha nyingi, sarafu ya mtandao wa Ethereum, ilifungiwa kwenye mtandao huo ili ichume zawadi, na wakati ule mtandao ulikuwa haujaruhusu kuitoa. Kwangu hapo ndipo penye ugonjwa. Mteja ameambiwa atachukua chake saa yoyote, ilhali chake kimefungwa kusikojulikana hadi lini. Celsius ilishikilia stETH, tokeni inayowakilisha etha iliyofungiwa, lakini Juni 2022 bei yake sokoni ilishuka chini ya etha yenyewe. Kuiuza kwa pupa kulimaanisha hasara.

Na riba je? Mchunguzi wa kesi ya ufilisi alibaini kwamba viwango vilipangwa ili kuwazidi washindani, bila kufuata kilichochumwa. Maana yake pengo lilikuwa likikua hata siku ambazo kila mtu alikuwa akitoa pesa bila tatizo.

Tarehe 11 Juni 2022, mkurugenzi Alex Mashinsky alimjibu mkosoaji kwenye Twita akimtaka ataje hata mtu mmoja aliyeshindwa kutoa pesa zake. Kesho yake Celsius ikafunga utoaji kwa wote. Tarehe 13 Julai ikaomba ulinzi wa ufilisi mahakamani.

Januari 2023 Jaji Martin Glenn aliamua kwamba sarafu za takriban dola bilioni 4.2 katika akaunti za Earn ni mali ya kampuni iliyofilisika. Sababu ilikuwa kwenye masharti ambayo wateja walikuwa wameyakubali: umiliki ulihamia Celsius. Waliodhani wameweka akiba wakajikuta wadai wasio na dhamana.

Chukua aliyekuwa na bitkoini moja. Dai lake lilithaminiwa kwa bei ya siku ya kufilisika, karibu dola 20,000. Malipo yalipoanza mwaka 2024, bitkoini ilikuwa imepita dola 40,000. Hata angelipwa dai lote, asingeweza kununua hata nusu ya sarafu aliyoweka, na wateja wa Earn hawakulipwa dai lote. Kupanda kwa bei wakati wa kungoja hakukuwa kwake tena.

Mashinsky alikiri makosa ya ulaghai na Mei 2025 akahukumiwa miaka 12 jela. Lakini kifungu cha umiliki hakikuwa siri. Kilikuwa wazi kwenye masharti. Ukikikuta kwenye programu unayotaka kujiunga nayo, uliza anayekopeshwa ni nani na ameweka dhamana gani. Wasipojibu kwa majina na kiasi, mimi sikopeshi.