Klipu fupi: je, zinawafikisha watazamaji kwenye video ndefu?

Wenye chaneli za YouTube wamegawanyika. Wapo wanaosema Shorts, yaani klipu hizo fupi, huwaletea watu wapya ambao baadaye huhamia kwenye video ndefu. Wengine wanasema mtu anayetelezesha kidole juu ya simu hana nia ya kukaa dakika 12, kwa hiyo anacheka, anapita, anasahau. Kila upande una picha za skrini za kuonyesha, na mara nyingi ni picha za ukurasa uleule wa takwimu.

Jambo la kwanza la kuondoa mezani ni idadi ya kutazamwa. Tangu tarehe 31 Machi 2025, YouTube huhesabu Short kuwa imetazamwa pale tu inapoanza kucheza au kurudia kucheza, bila kima cha chini cha sekunde. Hesabu ya zamani, ya waliokaa kidogo kuitazama, ilihamishiwa kwenye kipimo kinachoitwa Engaged views. Kwa hiyo anayelinganisha klipu zake za mwaka 2024 na za baada ya hapo kwa idadi ya kutazamwa anaweza kudhani amepanda, kumbe kilichobadilika ni kanuni ya kuhesabu.

Baada ya hapo watu hukimbilia kiungo. Tangu mwisho wa Agosti 2023, viungo vilivyoandikwa kwenye maoni na maelezo ya Shorts havibonyezeki. Njia iliyobaki ni kuchagua video ndefu katika sehemu ya Related video ndani ya YouTube Studio, nayo huonekana juu ya klipu. Waliobonyeza wanaweza kuhesabiwa, na wenye mashaka huitumia hesabu hiyo kama ushahidi, kwa sababu karibu kila mara ni ndogo mno ukiiweka kando ya idadi ya walioiona klipu.

Tatizo ni kwamba hesabu ya kubonyeza inakosea pande zote mbili. Aliyebonyeza anaweza kuwa mfuasi wa siku nyingi ambaye angeiona video hiyo hata bila klipu, na hapo klipu inapewa sifa isiyo yake. Aliyeipenda klipu bila kubonyeza naye anaweza kukutana na video kesho yake kwenye ukurasa wa mwanzo. Kwenye takwimu huyo ataandikwa chini ya Browse features, yaani waliotoka kwenye kurasa za YouTube kama huo, na klipu haitatajwa popote. Ukiangalia kubonyeza peke yake huwezi kujua kosa lipi limezidi.

Njia ninayoiamini zaidi ni kuchelewesha klipu. Usiitoe siku moja na video ndefu. Subiri video itulie, kisha uitoe na uangalie kama mstari wa kutazamwa kwa video hiyo unainuka. Tuchukue mfano wa kubuni. Video ya kufundisha kutengeneza baiskeli imetimiza mwezi na inatazamwa mara 40 kwa siku. Klipu inatoka na kuanza kucheza mara 60,000. Kwa siku nne video ndefu inapata 85 kwa siku, halafu 45 kwa siku kumi zinazofuata. Ziada ni 180 na 50, jumla 230.

Kabla ya kushangilia, angalia video zako nyingine za umri huo ambazo hazikupewa klipu. Ikiwa nazo zilipanda kwa asilimia 10 katika siku hizo 14, basi mara 4 kwa siku zingekuja zenyewe, yaani 56. Zinabaki 174. Tuseme waliobonyeza Related video walikuwa 120: hapo 54 huenda walipita njia nyingine. Jumla ni karibu watatu kwa kila mara elfu klipu ilipoanza kucheza.

Je, watatu kwa elfu ni kushindwa? Kwa klipu, ndiyo, ni kiasi kidogo sana, na wenye mashaka wana haki. Ila kwa video iliyokuwa ikipata 560 katika wiki mbili, nyongeza ya 174 ni karibu theluthi, na hilo si dogo kwa klipu iliyokatwa kutoka video iliyokwisha kurekodiwa. Klipu iliyorekodiwa upya kwa siku nzima ningeipigia hesabu nyingine kabisa. Angalia pia muda: hao wageni wakiondoka kwenye sekunde ya 30, umeongeza namba tu.

Jaribio moja halitoshi, maana siku nne za kupanda zinaweza kuwa bahati. Rudia kwa video kadhaa, na uchague kwa kurusha sarafu ipi ipate klipu. Ukijichagulia mwenyewe utazipa klipu video unazozipenda, ambazo pengine zingepanda tu. Utakapopata matokeo, zitenganishe klipu zinazomaliza jambo lake ndani yake na zile zinazoishia kabla ya hatua ya mwisho. Nadhani hapo ndipo pande zote mbili huwa zinasema kweli: aliyekwisha kuona mnyororo ukikaa mahali pake hana sababu ya kuitafuta video ndefu, hata kama klipu imempendeza.