Slaidi inasema hasi, agari inasema chanya

"Slaidi ya Gram kutoka usaha wa jipu: bakteria wa duara, wekundu, katika vishada. Agari ya MacConkey: hakuna kilichoota. Agari ya manitoli na chumvi: makoloni ya njano baada ya saa 24. Taja bakteria na utetee jibu lako."

Anayeiamini slaidi ana hoja. Wekundu maana yake Gram hasi, na bakteria wa duara walio Gram hasi wapo: Neisseria. Tena Neisseria kwa kawaida haioti kwenye MacConkey, kwa hiyo sahani ile tupu, ambayo wengi huikimbilia kama ushahidi wa Gram chanya kwa kuwa MacConkey huwazuia, haiamui lolote hapa. Kipimo cha katalesi nacho hakisaidii, kwani Neisseria na Staphylococcus wote hutoa povu.

Lakini hoja hiyo inakwama kwenye chumvi. Agari ya manitoli ina chumvi asilimia 7.5, kiwango ambacho Staphylococcus hukivumilia na Neisseria hawezi. Mpangilio pia unaikataa: Neisseria hukaa wawili wawili, ubavu kwa ubavu kama maharage, si katika vishada. Umbo na mpangilio haviharibiki kirahisi. Rangi ndiyo huharibika.

Huharibikaje? Ukuta wa Gram chanya ni mnene, na hushika zambarau ya kristali vayoleti ikishaungana na iodini. Ukisahau iodini, au ukiacha asetoni ikae zaidi ya sekunde mbili tatu, zambarau hutoka na safranini huchukua nafasi yake. Seli kuukuu zenye kuta zilizochakaa hufanya hivyohivyo, na jipu la siku nyingi limejaa seli za namna hiyo. Kosa la kinyume, yaani Gram hasi kubaki zambarau, mara nyingi hutokana na smia nene.

Hata hivyo, wanaoitetea agari wasijisahau. Sahani huonyesha kilichoota tu, na kinaweza kuwa kimetoka kwenye ngozi iliyozunguka jipu. Njia ya kukata shauri ni kupaka rangi upya koloni la saa 18 hadi 24, huku Staphylococcus na E. coli zinazojulikana zikiwa pembeni kwenye slaidi ileile. E. coli ikitoka nyekundu na Staphylococcus zambarau, rangi ilipakwa sawasawa. Zote zikitoka nyekundu, asetoni ilizidi au iodini ilisahaulika.

Kwa hiyo andika: Staphylococcus, yaelekea aureus, rangi nyekundu ikiwa kosa la upakaji au seli kuukuu. "Yaelekea" usiliache, maana njano inathibitisha tu kwamba manitoli imechachushwa na asidi imebadilisha fenoli nyekundu, na S. saprophyticus mara nyingi hufanya hivyo pia. Kinachowatenganisha ni kipimo cha koagulesi cha kwenye mrija, ambapo aureus hugandisha plazma kuwa bonge. Kisomwe baada ya saa 4 kwanza, kisha baada ya saa 24, kwa sababu baadhi ya aureus huyeyusha bonge walilolitengeneza wenyewe, na anayesoma mara moja tu kesho yake ataandika hasi.